Maziwa yawe mistari au yawe safu? Namna tatu za kupanga jedwali kutoka kwenye aya iliyochanganyika

Chukua aya hii, ya aina inayopatikana katika madaftari ya wanafunzi, ripoti za ofisini na vijitabu vya watalii:

"Ziwa Viktoria ndilo kubwa kuliko yote Afrika, lina kilomita za mraba 68,800 hivi, na limegawanywa kati ya Tanzania, Uganda na Kenya. Kina chake si kirefu, mita 80 tu. Tanganyika ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal, mita 1,470, na maji yake hutoka kwa mto Lukuga, tena ndilo ziwa la meli ya Liemba iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913. Nyasa, ambalo Wamalawi huliita Ziwa Malawi, linashuka mita 706, lina kilomita za mraba 29,600, linazungukwa na Malawi, Msumbiji na Tanzania, na mto Shire hutoka humo. Mto Naili hutoka Viktoria pale Jinja. Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, eneo lake ni 32,900, na nchi zake ni nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Sangara waliletwa Viktoria miaka ya 1950."

Hakuna uongo humo, lakini jaribu kujibu haraka: kati ya maziwa haya matatu, lipi lina eneo dogo kuliko yote? Itabidi urudi nyuma mara mbili, kwa sababu eneo la Tanganyika limetajwa mbali na kina chake. Aya hii inaomba jedwali. Swali ni jedwali la namna gani, maana zipo namna tatu zinazofaa na kila moja ina kazi yake. Nitaita "mstari" ule unaolala kutoka kushoto kwenda kulia, na "safu" ile inayosimama kutoka juu kwenda chini.

Kwanza, tenganisha habari

Kabla ya kuchagua, vunja aya iwe vipande vya sehemu tatu: kitu, sifa, na jibu. Viktoria, eneo, 68,800. Tanganyika, mto unaotoka, Lukuga. Nyasa, jina lingine, Ziwa Malawi. Ukimaliza aya yetu utapata vipande 18: Viktoria 6, Tanganyika 7, Nyasa 5.

Sasa tazama sifa peke yake. Maneno "kina chake si kirefu, mita 80", "la pili duniani kwa kina… mita 1,470" na "linashuka mita 706" yote yanajibu swali moja, nalo ni kina cha juu kabisa kwa mita. Yaunganishe chini ya jina moja. Hapa angalia usiunganishe visivyofanana. Kina cha wastani na kina cha juu kabisa ni vitu viwili, na aya nyingi huvichanganya bila kusema. Ukiweka wastani wa ziwa moja karibu na upeo wa jingine, jedwali litaonekana safi huku linadanganya.

Baada ya kuunganisha, sifa zinabaki kumi. Nne kati yake (eneo, kina, nchi, mto unaotoka) zina majibu kwa maziwa yote matatu, jumla vipande 12. Sita zilizobaki zina jibu moja moja tu: nafasi ya Viktoria barani, sangara, nafasi ya Tanganyika duniani, meli ya Liemba, urefu wa Tanganyika, na jina lingine la Nyasa. Ukizipa zote sifa kumi nafasi ndani ya jedwali utapata visanduku 30, na 12 vitakuwa vitupu. Msomaji akikuta "meli maarufu" mbele ya Viktoria na kisanduku kitupu, atadhani Viktoria haina meli, na hilo si kweli.

Kwa hiyo sifa yenye jibu moja huwa na njia tatu. Ama unaitafutia majibu yaliyobaki, ama unaiandika chini ya jedwali kama maelezo, ama unaiacha kabisa. Urefu unaweza kutafutwa. Jina la Ziwa Malawi liende kwenye maelezo, kwa sababu msomaji wa Lilongwe atalihitaji. Liemba ina historia inayostahili aya yake yenyewe, na mimi nisingeipa hata maelezo ya chini hapa.

Vigezo vya kuchagulia

Nitapima kila namna kwa mambo manne. La kwanza, jicho la msomaji linalinganisha nini kwa urahisi. La pili, jedwali linakaaje kwenye karatasi na kwenye simu. La tatu, nini hutokea kitu kipya kikiongezwa. La nne, linavumilia vipi kupangwa upya na kujumlishwa kwenye Excel au programu nyingine ya majedwali.

Namna ya kwanza: kila ziwa mstari wake

| Ziwa | Eneo (km², takriban) | Kina cha juu kabisa (m, takriban) | Mto unaotoka | Nchi |
|---|---|---|---|---|
| Viktoria | 68,800 | 80 | Naili | Kenya, Tanzania, Uganda |
| Tanganyika | 32,900 | 1,470 | Lukuga | Burundi, Kongo, Tanzania, Zambia |
| Nyasa | 29,600 | 706 | Shire | Malawi, Msumbiji, Tanzania |

*Kulinganisha.* Namba za aina moja zimesimama juu ya nyingine, nazo zikipangwa kuelekea kulia, tarakimu za mamoja huwa chini ya mamoja na za maelfu chini ya maelfu. Jicho huona tofauti kabla halijasoma. Eneo na kina vimekaa bega kwa bega kwa makusudi: vikikaa hivyo ndipo unaona kwamba ziwa lenye eneo kubwa kuliko yote ndilo lenye kina kifupi kuliko yote. Viktoria lina zaidi ya mara mbili ya eneo la Tanganyika, ilhali kina cha Tanganyika ni kama mara 18 ya cha Viktoria. Aya ilikuwa na namba zote hizo na haikuuonyesha ukweli huo.

Mpangilio wa mistari nao ni uamuzi. Hapa nimepanga kwa eneo, kubwa juu. Kama somo lingekuwa kuhusu kina, Tanganyika lingekuja juu na safu ya kina ingehamia karibu na majina. Mfuatano wa aya hauna haki yoyote ndani ya jedwali, kwani mwandishi wa aya alifuata kumbukumbu yake tu.

*Karatasi na simu.* Karatasi ya A4 inabeba safu tano bila shida. Kwenye simu mambo hubadilika. Safu ya nchi ina maneno mengi, nayo huzisukuma nyingine zibanane au zitoke nje ya kioo. Ndiyo sababu nimeiweka mwisho kabisa: ikikatika, namba zitakuwa zimeshasomwa.

*Kuongeza.* Ukitaka kuleta Kivu, Turkana na Rukwa, unaongeza mistari mitatu chini na hakuna kinachovurugika. Ila Turkana na Rukwa yatakuletea jambo jipya katika safu ya mto, kwa sababu hayana mto unaotoka. Maji yake huondoka kwa kuvukizwa na jua. Andika "hakuna". Usiache kisanduku kitupu, kwa maana utupu husomeka kama "mwandishi hakupata", na hayo ni majibu mawili tofauti.

*Excel.* Hii ndiyo sura ambayo programu hizi zinaitarajia, kwa sharti kwamba kipimo kikae kwenye kichwa cha safu. Mtu akiandika "80 m", "706 m" na "1,470 m" ndani ya visanduku, programu huyachukua kama maneno. Akipanga kuanzia dogo kwenda kubwa, litaanza 1,470, lifuate 706, mwisho 80, kwa kuwa herufi ya 1 hutangulia 7 na 8. Dalili ya kosa hili inaonekana mapema: maandishi yamejivuta upande wa kushoto wa kisanduku badala ya kulia, na `SUM` inatoa 0.

Inamfaa nani? Mwalimu anayetaka wanafunzi walinganishe, mchambuzi, na yeyote ambaye orodha yake itakua.

Namna ya pili: kila ziwa safu yake

| | Viktoria | Tanganyika | Nyasa |
|---|---|---|---|
| Eneo (km², takriban) | 68,800 | 32,900 | 29,600 |
| Kina cha juu kabisa (m, takriban) | 80 | 1,470 | 706 |
| Mto unaotoka | Naili | Lukuga | Shire |
| Nchi | Kenya, Tanzania, Uganda | Burundi, Kongo, Tanzania, Zambia | Malawi, Msumbiji, Tanzania |

*Kulinganisha.* Habari ni zilezile, jicho ndilo linalotembea tofauti. Ukishuka safu ya Tanganyika unapata wasifu wa Tanganyika mzima: eneo, kina, mto, nchi. Kwa mtu anayechagua kimoja kati ya vichache, hivi ndivyo akili inavyofanya kazi, maana anakijua kitu kimoja kwanza kisha anahamia cha jirani. Kulinganisha namba kunakuwa kugumu kidogo, kwani 68,800 na 32,900 zimekaa ubavuni na tarakimu hazipangani. Kwa maziwa matatu ugumu huo hauonekani. Kwa manane utaonekana.

*Karatasi na simu.* Hapa namna hii ina nguvu. Majibu marefu yana nafasi ya kushuka chini ndani ya kisanduku, na sifa zinaweza kufika kumi na tano bila jedwali kupanuka, maana urefu wa ukurasa hauna bei. Vitu vyenyewe ndivyo vyenye kikomo. Viwili au vitatu hukaa vizuri kwenye simu, vinne hubana, na kuanzia vitano msomaji analazimika kusukuma kioo pembeni huku jina la sifa likimpotea machoni.

*Kuongeza.* Sifa mpya ni rahisi, kitu kipya ni kigumu. Ukitaka kuingiza aina za samaki, au miji ya bandari kama Mwanza, Kigoma na Mbamba Bay, unaongeza mstari tu. Ukitaka kuingiza Kivu, kila mstari unahitaji kuguswa na upana wote kupangwa upya.

*Excel.* Kupanga kwa eneo hakuwi kwa kubonyeza mara moja, kwa sababu kila mstari unabeba aina tofauti ya jibu: namba hapa, jina la mto pale. Hesabu bado zinawezekana, ila chujio na mipangilio ya kawaida hazikusaidii. Wengi hutunza data kwa namna ya kwanza kisha wanaigeuza wakati wa kuchapisha, na Excel ina amri ya kubadilishana mistari na safu wakati wa kubandika. Naona huo ndio utaratibu mzuri.

Inamfaa nani? Mwandishi ambaye wasomaji wake wako kwenye simu, ana vitu viwili hadi vinne, na majibu mengine ni sentensi badala ya namba.

Namna ya tatu: mstari mmoja kwa kila jozi

Tazama tena kisanduku cha nchi. Ndani yake kuna majibu matatu au manne yaliyobanwa pamoja. Maadamu unataka kujua tu ni nchi zipi, hakuna ubaya. Lakini aya ikiendelea na kusema kwamba Tanzania ina kama asilimia 51 ya Viktoria, Uganda 43 na Kenya 6, na kwamba Kongo ina 45 ya Tanganyika, Tanzania 41, Burundi 8 na Zambia 6, asilimia hizo zitakaa wapi? Si sifa za ziwa peke yake wala za nchi peke yake. Ni sifa za ziwa na nchi kwa pamoja. Basi kila jozi ipate mstari wake:

| Ziwa | Nchi | Sehemu ya eneo la ziwa (%, takriban) | Sehemu hiyo kwa km² |
|---|---|---|---|
| Viktoria | Tanzania | 51 | 35,100 |
| Viktoria | Uganda | 43 | 29,600 |
| Viktoria | Kenya | 6 | 4,100 |
| Tanganyika | Kongo | 45 | 14,800 |
| Tanganyika | Tanzania | 41 | 13,500 |
| Tanganyika | Burundi | 8 | 2,600 |
| Tanganyika | Zambia | 6 | 2,000 |
| Nyasa | Malawi | inabishaniwa | |
| Nyasa | Msumbiji | tazama maelezo | |
| Nyasa | Tanzania | inabishaniwa | |

*Kulinganisha.* Safu ya mwisho nimeipata kwa kuzidisha asilimia na eneo la ziwa kisha kukadiria kwenye mia ya karibu, na bila hiyo jedwali lingepotosha. Kenya na Zambia zote zina asilimia 6, lakini za maziwa yasiyolingana: sehemu ya Kenya ni zaidi ya mara mbili ya ile ya Zambia. Asilimia zenye misingi tofauti hazilinganishwi kwa kushuka safu. Kuna na jambo lingine lisiloonekana kwingine: sehemu ya Tanzania ndani ya Viktoria peke yake ni kubwa kuliko Ziwa Tanganyika lote.

Nyasa ndilo linaloonyesha mpaka wa kila jedwali. Malawi inashikilia kwamba mpaka wake na Tanzania unafuata ufuko wa upande wa Tanzania, kwa mujibu wa mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890. Tanzania inasema mpaka unapita katikati ya maji. Ukiandika namba moja umeshachukua upande, hata kama hukukusudia, na ukiacha tupu bila neno umeficha mgogoro. Mimi ningeandika "inabishaniwa" na kuweka hoja za pande zote mbili chini ya jedwali. Sehemu ya Msumbiji haimo katika ubishi huo, lakini asilimia yake peke yake, bila za wenzake, haina wa kulinganishwa naye, ndiyo maana ningeiandika kwenye maelezo hayohayo ya chini ya jedwali. Kama mgogoro wenyewe ndio mada, gawa safu mbili: "kwa msimamo wa Malawi" na "kwa msimamo wa Tanzania".

*Karatasi na simu.* Jedwali ni refu na jembamba. Kwenye simu linasomeka, ila msomaji wa kawaida huchoka kuona "Viktoria" mara tatu na "Tanganyika" mara nne.

*Kuongeza.* Hakuna namna inayopokea kwa wepesi kama hii. Kivu litaingia kwa mistari miwili, Rwanda na Kongo, bila kugusa kitu kingine.

*Excel.* Chuja "Tanzania" na unapata mistari mitatu, yaani maziwa yote inayoshiriki. Katika namna ya kwanza kazi hiyo ingehitaji kupekua ndani ya maneno. Lakini mtego upo: usiingize humu sifa za ziwa zima. Mtu akiongeza safu ya "eneo la ziwa", 68,800 itajirudia mara tatu, 32,900 mara nne na 29,600 mara tatu. Akijumlisha atapata 426,800, wakati jumla ya kweli ya maziwa matatu ni 131,300. Sifa za ziwa zibaki katika jedwali la maziwa, sifa za jozi zikae katika jedwali la jozi. Majedwali mawili madogo hayana aibu.

Inamfaa nani? Mtunza data, mtafiti, na mtu yeyote ambaye swali lake linaanzia upande wa nchi.

Uchague ipi

Kama wasomaji wako wana swali la "lipi zaidi", na majibu mengi ni namba, tumia namna ya kwanza, panga mistari kwa ile namba inayojibu swali lao, na safu yenye maneno marefu iende mwisho.

Kama una vitu viwili au vitatu, sifa ni nyingi, na unajua wengi watasoma kwenye simu, tumia ya pili. Mtalii anayechagua kati ya Mwanza, Kigoma na Mbamba Bay hahitaji kupanga wala kujumlisha.

Ukiona visanduku vinajaa mikato na mabano, kwa mfano "Tanzania (51), Uganda (43), Kenya (6)", hiyo ni ishara kwamba mstari wako unabeba zaidi ya kitu kimoja. Hamia namna ya tatu kwa habari hizo tu, nyingine uziache zilipo.

Kama ndiyo kwanza unakusanya na hujui utaulizwa nini, tunza kwa ya kwanza na ya tatu kwa pamoja, kisha ya pili uitengeneze siku ya kuchapisha.

Na kama ulichonacho ni vitu viwili vyenye sifa mbili, tuseme eneo na kina cha Viktoria na Tanganyika tu, usichore jedwali. Sentensi moja inatosha, mradi iyataje maziwa kwa mfuatano uleule katika nusu zake zote mbili: Viktoria lina kilomita za mraba 68,800 na Tanganyika 32,900, Viktoria lina kina cha mita 80 na Tanganyika 1,470.